Saa Iamue, Si Maumivu

Kutoka soko la Kariakoo hadi geti la Hospitali ya Taifa Muhimbili, pale Upanga, si mbali, na watu wengi huuchukua mwendo huo kwa sababu moja: mgongo. Kazi za Kariakoo ni za mgongo. Kuli anapandisha marobota kwenye ghala la ghorofa ya tatu, fundi cherehani anainama juu ya sindano kutwa nzima, mama lishe ananyanyua sufuria kabla jua halijachomoza, na muuza viatu wa Mtaa wa Kongo anasimama kwa saa kumi bila kiti. Maumivu yanapozidi miezi mitatu, tiba huyaita maumivu sugu, na kuanzia hapo mgonjwa husikia mashauri mawili yanayopingana. Upande mmoja anaambiwa ajikaze, kwa kuwa kila mtu anaumwa na watoto wanataka kula. Upande mwingine anaambiwa apumzike kabisa mpaka apone. Hoja ya sura hii ni kwamba mashauri yote mawili yana kosa moja, nalo ni kuyapa maumivu mamlaka ya kuamua lini mtu afanye kazi na lini aache. Mamlaka hayo yakibaki hapo, mwili unazidi kudhoofika na moyo unazidi kuwa mzito, kila kimoja kikikichochea kingine. Njia ya kutoka ipo. Ni ya polepole, haina dawa ya ajabu, na inaanza kwa kuangalia saa.

Kwanza tuelewane kuhusu maumivu yenyewe. Ukijikata kidole, maumivu yanakueleza jambo la kweli: pana jeraha, litunze. Katika maumivu sugu taarifa hiyo hupoteza uaminifu wake. Jeraha la mwanzo, kama lilikuwapo, mara nyingi limekwisha kufunga, lakini neva za uti wa mgongo na ubongo zimebaki katika hali ya tahadhari, zikipokea mguso wa kawaida kama shambulio. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha kwa majaribio ya maabara kwamba uti wa mgongo wenyewe unaweza kuongeza ukali wa ishara baada ya jeraha. Tangu hapo imekuwa vigumu kushikilia kwamba kiasi cha maumivu ni sawa na kiasi cha uharibifu. Picha za MRI zinathibitisha hilo kwa upande mwingine. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuta dalili za kuchakaa kwa diski za mgongo kwa takriban asilimia 37 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, na kwa watu wa miaka 80 karibu wote. Kwa hiyo mgonjwa anayerudi nyumbani na bahasha yenye maneno "diski zimechakaa" hajapewa hukumu. Mara nyingi amepewa maelezo ya umri wake.

Sasa moyo. Mwaka 1998 Oye Gureje, daktari wa Ibadan, Nigeria, na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika vituo vya afya vya nchi 14, Ibadan yenyewe ikiwa kimojawapo. Kiasi cha mtu mmoja kati ya watano waliofika vituoni alikuwa na maumivu ya kudumu, na hao walikuwa na uwezekano wa mara nne zaidi wa kuwa na sonona au wasiwasi uliopita kiasi. Swali linalokuja haraka ni lipi lilianza. Je, maumivu ndiyo yaliyoleta huzuni, au huzuni ndiyo iliyotafuta mahali pa kukaa mwilini? Utafiti wa Kurt Kroenke na wenzake wa Marekani, uliotolewa mwaka 2011 baada ya kufuatilia wagonjwa 500 kwa mwaka mzima, uliona mambo yakienda pande zote mbili. Maumivu yalipobadilika, hali ya moyo ilibadilika baadaye. Hali ya moyo ilipobadilika, maumivu nayo yalifuata. Jibu hilo lina uzito kwa mgonjwa, kwa sababu linamwondolea ulazima wa kutafuta chanzo kabla ya kuanza tiba. Mzunguko unaweza kukatwa popote mkono unapofika.

Njia zinazounganisha viwili hivyo zinajulikana vya kutosha. Ubongo haupokei maumivu tu. Unatuma pia maagizo ya kushuka kwenye uti wa mgongo ya kuyapunguza au kuyaacha yapite. Kemikali zinazobeba maagizo hayo, serotonini na noradrenalini, ndizo hizo hizo zinazohusishwa na hali ya moyo, na ndiyo maana baadhi ya dawa za sonona hutuliza pia maumivu ya neva. Usingizi ni njia ya pili: mtu aliyekesha huumia zaidi kesho yake kwa mguso ule ule, na mwenye sonona hulala vibaya. Njia ya tatu haina kemikali ndani yake, nayo ndiyo ninayoipa uzito mkubwa hapa. Mtu anayeumwa huacha mambo. Anaacha kwanza yale yasiyolipa, kama mkutano wa kikoba, jumuiya, misiba, soga za jioni barazani, kisha anaacha na kazi. Kila alichokiacha kilikuwa na kazi yake katika kumshikilia moyo, na mtu aliyeondolewa vyote hivyo atakuwa na huzuni hata kama mgongo ungepona leo.

Namna anavyoacha ina mpangilio wake, na ukiufahamu utauona kila mahali. Siku ambayo maumivu yamepungua, mgonjwa anaona amepata upenyo wa kufidia siku zilizopotea. Anafanya kazi mpaka maumivu yamsimamishe. Siku mbili tatu zinazofuata analala. Misuli inakaza na kupoteza nguvu, kazi inalimbikizana, lawama zinaongezeka, na siku nyingine njema ikija deni la kufidia ni kubwa zaidi. Kadiri miezi inavyokwenda siku njema zinapungua na siku za kitandani zinazidi. Mwanasaikolojia Wilbert Fordyce wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, aliliona jambo hili tangu miaka ya 1960 na akaliandikia kitabu mwaka 1976. Aliona kwamba mgonjwa anayepumzika kila anapoumia anajifunza, bila kujua, kwamba njia ya kupata nafuu ni kuumia kwanza. Kwa hiyo akageuza utaratibu: mgonjwa anapewa kiasi cha kazi anachokiweza bila shaka, anakimaliza, ndipo anapumzika. Pumziko likawa linafuata kazi iliyokamilika. Hilo ndilo kiini cha kugawa shughuli, na mengine yote katika sura hii ni namna ya kulitekeleza.

Tumchukue fundi cherehani wa kufikirika mwenye kibanda Kariakoo, mwenye maumivu ya kiuno ya miaka miwili. Daktari amemkagua na hakuona jambo la hatari. Juma lake linakwenda hivi: Jumatatu anajisikia vizuri na kwa kuwa Januari imefika na sare za shule zimerundikana, anashona saa sita. Jumanne na Jumatano hawezi kuinuka. Alhamisi anashona saa mbili huku akiuma meno, Ijumaa saa moja, Jumamosi amelala tena. Jumla ni saa tisa za kushona. Wateja wamekuja mara tatu wakakuta pazia limeshushwa, na wawili wamechukua vitambaa vyao kwa fundi wa jirani. Usiku hapati usingizi, akijihesabia kuwa hana faida tena kwa nyumba yake.

Hatua ya kwanza ni kupima, na hapa bado hakuna kinachobadilishwa. Kwa siku tano za kazi anaangalia saa ya simu anapoketi kwenye cherehani, kisha anaandika dakika alizofikisha pale maumivu yalipoanza kupanda juu ya kiwango chake cha kawaida. Si pale yaliposhindikana kuvumilika. Pale yalipoanza kupanda. Tuseme anapata dakika 40, 25, 50, 20 na 40. Jumla ni 175, wastani 35. Kutoka hapo anaondoa kiasi cha moja ya tano, abaki na 28, na kwa usalama anakata kuwa 25. Hicho ndicho kiwango chake cha kuanzia. Atashona dakika 25, simu italia, naye atasimama hata kama mshono umebaki inchi tatu na hata kama hasikii chochote. Kisha kwa dakika kama kumi atafanya kazi ya aina nyingine: kukata kitambaa akiwa wima, kupiga pasi, kutembea hadi duka la nyuzi. Awamu nne kama hizo kwa siku, siku sita za juma. Siku njema awamu ni nne, siku mbaya awamu ni nne.

Wengi hukwama kwenye siku njema. Kusimama huku mwili ukiwa na nguvu na kazi ikiwa mbele yako ni kugumu kuliko kuvumilia maumivu, na mtu huona anapoteza bahati. Hesabu inasema vingine. Dakika 25 mara nne mara siku sita ni dakika 600, yaani saa kumi. Juma lake la kufidia lilimpa saa tisa. Amepata zaidi kwa kufanya kidogo, na juu ya hayo mteja anaweza kuambiwa "njoo Alhamisi" na Alhamisi akamkuta. Kuanzia juma la pili anaongeza dakika mbili au tatu kwa kila awamu: 27, 30, 32, na juma la tano 35. Hapo ana saa 14 kwa juma. Akipenda kuongeza awamu badala ya dakika, aongeze moja tu na akae nayo majuma mawili. Vyote viwili kwa mpigo ni kurudi kwenye kufidia kwa mlango wa nyuma. Naandika tarakimu hizi ili njia ionekane, si kwa kuahidi kwamba mgongo wa mtu utafuata mstari ulionyooka namna hii.

Atajuaje kiwango ni sahihi? Alama ni mbili. Anaweza kukimaliza hata siku mbaya, na maumivu yakipanda kidogo baada ya kazi yanarudi kwenye kawaida yake kabla ya muda ule ule kesho. Yakishindwa kurudi kwa siku mbili mfululizo, kiwango ni kikubwa na kikatwe. Kosa la upande wa pili nalo lipo, na huchelewa kugundulika kwa sababu linafanana na busara: majuma yanapita, kiwango hakipandi, na mtu anazidi kuondoa shughuli kwa kuogopa. Hapo ameacha kugawa kazi na ameanza kuikimbia. Johan Vlaeyen na Steven Linton, walioandika mwaka 2000 juu ya woga wa maumivu, walieleza kwamba woga huo unaweza kumlemaza mtu kuliko maumivu yenyewe. Kuna pia siku ambazo maumivu yatalipuka bila sababu inayoonekana, pengine baada ya usiku mbaya au ugomvi na mwenye nyumba. Mpango wa siku hizo uandikwe mapema, akili ikiwa imetulia: nusu ya kiwango kwa siku mbili, kutembea kidogo ndani ya uwanja, kisha kupanda tena. Kitanda cha siku tatu kisiwemo katika mpango huo.

Mpaka hapa nimezungumzia cherehani, lakini ratiba isiyo na kitu kingine ila cherehani haitaunyanyua moyo. Kitu kimoja kwa siku kiwekwe ambacho hakilipi na ambacho mtu alikuwa akikithamini, kwa kanuni ile ile ya saa: dakika 15 za kumtembelea dada, kuhudhuria kikoba na kuondoka baada ya nusu saa badala ya kutokwenda kabisa, kukaa barazani na majirani. Mwenye sonona atasema hana hamu, na anasema kweli. Lakini kusubiri hamu ni kosa lile lile la kusubiri maumivu yaishe. Tiba ya sonona kwa kupanga shughuli, ambayo imejaribiwa kwa miongo kadhaa, inategemea kwamba kutenda hutangulia na hamu hufuata. Kwa hiyo kikoba kiandikwe kwenye karatasi pamoja na sare za shule, na kitekelezwe saa ikifika.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa kuli. Fundi ana kibanda chake na simu yake. Kuli analipwa kwa mzigo, gunia haligawanyiki, na akikataa mzigo wa saa nne atapewa mwingine aliye nyuma yake. Sitaki kulipunguza pingamizi hili. Anaweza kuhesabu safari badala ya dakika, akatenganisha mizigo mizito kwa mizigo ya mkokoteni, akabeba pamoja na mwenzake, akaanza siku kwa mzigo mwepesi. Lakini sehemu kubwa ya uamuzi iko kwa mwenye ghala na kwa viongozi wa vikundi vya wabeba mizigo: uzito wa robota moja, zamu, malipo yanayomruhusu mtu aliyeumia kurudi taratibu. Ushauri wa daktari usiogusa hayo unamwachia mgonjwa lawama ya jambo asilolimiliki. Hata hivyo pingamizi halivunji hoja, kwa maana kuli anayefidia naye hupoteza siku, na siku asizokuja hakuna anayemlipa.

Pingamizi la pili husemwa kwa uchungu: "Daktari ananiambia niko na sonona kwa sababu hakuona ugonjwa." Ni kweli kwamba wagonjwa wengine wamepewa neno hilo kama njia ya kuwaondoa chumbani, na hasira yao ni halali. Ila maumivu yanayokuzwa na sonona si ya kubuni. Yanapita katika neva zile zile. Kwa upande mwingine, wengi wenye sonona hufika kliniki na kutaja mwili pekee, kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, kwa kuwa mwili ndio unaoweza kutajwa bila aibu. Anayetibiwa mgongo tu kwa miaka, diklofenaki juu ya diklofenaki, mara nyingi anaishia kuumiza tumbo na figo huku huzuni ikibaki palepale. Daktari akiandika amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku, haina maana kwamba amemwona mtu kuwa mwendawazimu. Dozi hiyo hutumika kwa maumivu ya neva na husaidia usingizi. Hukausha mdomo na huweza kuacha uzito asubuhi, haifai kwa baadhi ya wenye matatizo ya moyo, ni hatari ikizidishwa, na kwa hiyo isinunuliwe kienyeji dukani.

Wapo pia watakaouliza kama haya yote yana ushahidi, au ni maneno mazuri tu. Ushahidi upo na ni wa kiasi. Mapitio ya mwaka 2020 yaliyokusanya tafiti 75 za tiba za kisaikolojia kwa maumivu sugu yalikuta manufaa madogo katika maumivu, katika uwezo wa kufanya shughuli na katika huzuni. Tafiti za kugawa shughuli peke yake ni chache na matokeo yake yanatofautiana. Inaonekana kusaidia zaidi inapoambatana na mazoezi na tiba ya moyo. Jaribio la Kroenke la mwaka 2009, lenye wagonjwa 250 wenye maumivu ya mgongo, nyonga au goti pamoja na sonona, liliunganisha dawa za sonona na mafunzo sita ya kujisimamia maumivu. Baada ya mwaka, waliopungukiwa maumivu kwa theluthi hivi walikuwa kiasi cha wanne katika kumi, dhidi ya wachache kuliko wawili katika kumi kwa waliopata huduma ya kawaida. Sita katika kumi hawakufika hapo. Nalisema wazi kwa sababu mgonjwa aliyeahidiwa kupona na asipone huacha kila kitu. Lengo linalofikika ni maisha kupanuka huku maumivu yakiwapo, na kwa baadhi maumivu nayo hupungua.

Mambo machache hayangoji saa wala ratiba. Ganzi kati ya mapaja, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, miguu inayolegea ghafla, homa, jasho la usiku na kupungua uzito ni sababu za kwenda hospitali leo, kwa sababu kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo nchini na hutibika kikiwahiwa. Maumivu ya selimundu na ya saratani yana utaratibu wake wa tiba. Waliobaki na uchovu mkali unaozidi kila wanapojitahidi, kama baadhi ya waliougua korona, wasijipandishie viwango kila juma kama fundi wetu. Na mtu akianza kufikiria kujiua, hilo ni la dharura kama moyo uliosimama: asiachwe peke yake, apelekwe hospitali.

Kwa wengine wote, kabla ya kununua dawa nyingine, chukua karatasi na kwa siku tano uandike dakika, bila kubadilisha kitu. Kisha uende nayo kwa daktari au kwa mtaalamu wa fiziotherapia na umwombe mambo mawili: akusaidie kuweka kiwango cha kuanzia, na akuulize pia juu ya usingizi na moyo wako. Asipouliza, mwambie mwenyewe.